Mkoromo Unaokatika

Usiku wa Tukuyu una sauti mbili ambazo kila mkaaji anazijua: mvua juu ya bati, na mkoromo wa mtu aliyelala chumba cha pili. Zote mbili huzoeleka hadi mtu asizisikie tena, na hapo ndipo tatizo linapojificha. Katika nyumba nyingi za Rungwe mkoromo mzito husifiwa kuwa dalili ya usingizi mnono, kwamba baba amechoka na kazi, ameshiba, mwacheni alale. Mimi naona tumekuwa tukisikiliza sehemu isiyo yake. Kukoroma peke yake hakusemi mengi. Kinachosema ni ule ukimya unaoingia katikati ya mkoromo, kifua kinapoendelea kuhangaika lakini hewa haipiti, hadi mtu anapostuka kwa kishindo kama aliyeibuka kutoka majini. Ukimya huo ukijirudia usiku kucha, na mtu huyohuyo akawa anasinzia mchana kwa namna isiyoelezeka na saa alizolala, tunapaswa kushuku ugonjwa unaoitwa apnea ya usingizini, na kushuku huko hakuhitaji mashine yoyote. Kunahitaji mtu anayelala karibu naye akae macho kwa saa moja.

Kinachotokea kooni ni rahisi kukieleza. Njia ya hewa nyuma ya ulimi haina mfupa wala gegedu la kuishikilia iwe wazi. Hushikiliwa wazi na misuli. Tukilala misuli hiyo hulegea. Kwa wengi nafasi inayobaki inatosha. Kwa mwenye koo jembamba, shingo nene, taya dogo au tonsili kubwa, ulimi na kaakaa laini husogea nyuma, hewa hupita kwa kubanwa na kutikisa nyama za koo. Huo ndio mkoromo. Nafasi ikizidi kufinywa njia huziba kabisa. Oksijeni katika damu huanza kushuka, ubongo hupata habari na kumwamsha mtu kwa sekunde chache tu, misuli hukaza, njia hufunguka, naye hurudi usingizini bila kukumbuka chochote asubuhi. Madaktari huhesabu pumzi iliyokatika kuanzia sekunde 10. Chini ya mara 5 kwa saa ni kawaida kwa mtu mzima. Ikifika 15 ugonjwa ni wa kati, ikifika 30 ni mkali. Hebu tupige hesabu: mara 30 kwa saa, kwa usingizi wa saa nane, ni mara 240 za kuamshwa katika usiku mmoja. Mtu huyo ataapa kwamba amelala fofofo, wala hatakuwa anasema uongo. Na kwa kuwa kila mstuko huja na homoni zinazopandisha presha na mapigo ya moyo, usiku ambao ungepaswa kuupumzisha moyo hugeuka kuwa kazi ya pili.

Ndiyo maana mgonjwa ni shahidi mbovu wa ugonjwa wake, na anayelala naye ndiye mwenye habari. Lakini ushahidi una namna ya kuchukuliwa. Kusema "anakoroma sana" hakumsaidii daktari. Kinachomsaidia ni mtu aliyekaa macho saa moja, kama vile kati ya saa nane na saa tisa usiku, akahesabu mara ngapi mkoromo ulikatika kwa muda unaotosha kuhesabu polepole moja hadi kumi, na kama tumbo na kifua viliendelea kupanda na kushuka wakati huo. Simu ya kawaida yenye kurekodi sauti, ikiwekwa karibu na mto, hufanya kazi hiyohiyo bila mtu kukesha. Ni vizuri iwe usiku mbili au tatu, na usiwe ule wa baada ya kimpumu, kwa sababu pombe hulegeza koo la yeyote na kumfanya hata mzima aonekane mgonjwa. Shahidi makini atatofautisha mambo mengine pia. Mwenye apnea anapostuka, pumzi humrudia mara moja na usingizi kumchukua. Anayeamka akihema, akalazimika kuketi au kufungua dirisha ndipo apate nafuu, huyo moyo au mapafu yake yachunguzwe kwanza. Na yule ambaye pumzi zake huongezeka taratibu, zikapungua taratibu, kisha zikasimama kimya bila mkoromo wala kifua kuhangaika, mara nyingi ana shida ya moyo kushindwa kusukuma damu au aliwahi kupata kiharusi. Hapo koo halijaziba. Ni amri ya kupumua iliyokosekana, na matibabu yake ni mengine.

Sasa kusinzia. Hapa pana pingamizi ambalo siwezi kulipuuza: nani asiyesinzia Rungwe? Mchumaji wa chai huamka kabla ya alfajiri, muuza ndizi hupanga mzigo usiku, bodaboda hushinda juani na mvuani hadi saa nne za usiku. Pingamizi hili lina uzito, nalo hujibiwa kwa kutofautisha uchovu na usingizi. Aliyechoka hutamani kuketi, viungo vinauma, lakini akiketi hasinzii. Mwenye apnea anaweza naye kusema amechoka, lakini haishii hapo. Yeye huketi tu na kichwa kikaanguka: kanisani mahubiri yakiendelea, kwenye kikao cha kijiji, ndani ya Kosta kabla haijatoka stendi, au, kibaya kuliko vyote, akiwa ameshika usukani. Kipimo cha maswali kinachoitwa Epworth, alichokitunga Murray Johns wa Melbourne mwaka 1991, huuliza juu ya hali nane za namna hiyo, kila moja ikipewa alama 0 hadi 3, na jumla inayozidi 10 huhesabiwa kuwa kusinzia kupita kiasi. Jaribio lingine rahisi ni la likizo: mtu anayelala saa tano kwa sababu ya kazi akipata wiki ya kulala saa nane, usingizi wa mchana humwisha. Wa mwenye apnea haumwishi, kwa sababu saa alizokosa si nyingi; zilizopo ndizo zilizokatwakatwa.

Yako pia mambo ya hapahapa yanayoweza kumpotosha mtu. Upungufu wa damu, kisukari na tezi ya shingo inayofanya kazi pungufu huleta ulegevu unaofanana na huu. Na baridi ya Tukuyu huleta jambo moja zito zaidi: jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku. Kichwa kuuma asubuhi na bumbuwazi la kuamkia ni dalili za apnea, lakini ni dalili za sumu ya kaboni monoksaidi vilevile. Tofauti ni kwamba sumu ya mkaa haimchagui anayekoroma. Mke, watoto na mgeni huamka na vichwa vizito pamoja, na siku ambayo jiko limebaki nje hakuna anayelalamika. Nyumba yenye dalili hiyo haiendi kutafuta kipimo cha usingizi. Inatoa jiko nje usiku huohuo, na aliyelemewa anapelekwa hospitali bila kungoja kuche.

Tuchukue mfano, wa kubuni lakini wa kawaida. Dereva wa lori la ndizi, umri miaka 52, hupakia Tukuyu, hupanda kwenda Uyole na kushika barabara kuu hadi soko la Mabibo, Dar es Salaam. Ana uzito wa kilo 92 na urefu wa mita 1.70. Presha yake imekuwa haishuki ingawa anameza dawa mbili kila siku. Usiku huamka mara tatu kukojoa. Ameambiwa huenda ni tezi dume, akapimwa sukari ikawa sawa. Mkewe amehamia chumba cha watoto kwa sababu ya mkoromo, na anasema kuna nyakati humtikisa akidhani ameaga dunia. Mwaka 2008 Frances Chung na wenzake wa Toronto walitoa dodoso la maswali manane ambalo mhudumu yeyote anaweza kulitumia kwa kalamu na utepe wa fundi cherehani. Je, unakoroma kwa sauti inayosikika nje ya mlango? Ndiyo. Unasinzia mchana? Ndiyo. Kuna aliyekuona pumzi zikikatika? Ndiyo. Una presha au unatumia dawa zake? Ndiyo. Uzito kwa urefu? Kilo 92 zikigawanywa kwa 1.70 mara mbili hutoa karibu 32, na kikomo cha dodoso ni 35. Hapo hana alama. Umri umezidi 50? Ndiyo. Shingo imezidi sentimita 40? Utepe unasoma 43. Ni mwanamume? Ndiyo. Amepata 7 kati ya 8, na kuanzia 5 uwezekano wa ugonjwa mkali au wa kati huwa mkubwa. Hata kukojoa usiku kuna maelezo yake: kifua kinapovuta hewa kwa nguvu dhidi ya koo lililoziba, moyo hutanuka na kutoa homoni inayoziamuru figo kumwaga maji. Kwa hiyo presha, kukojoa usiku, mkoromo na kusinzia vinaweza kuwa na chanzo kimoja. Kwa kuwa ni dereva, habari yake haimhusu yeye peke yake. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2009, uliojumlisha tafiti za madereva, ulikuta wenye apnea wanapata ajali takriban mara mbili na nusu ya wasio nayo. Tangu mabasi ya masafa marefu yaruhusiwe tena kusafiri usiku nchini mwaka 2023, lori hilo linapishana gizani na mabasi yaliyojaa abiria.

Wengine watasema huu ni ugonjwa wa matajiri wanene wa mijini, si wa watu wanaopanda na kushuka vilima vya Rungwe na mzigo kichwani. Ni kweli unene ndio chanzo kikubwa. Utafiti wa Wisconsin uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba aliyeongezeka uzito kwa asilimia 10 aliongezewa kukatika kwa pumzi kwa karibu theluthi moja. Lakini dereva, mwenye duka, mwalimu na karani wa Tukuyu hawapandi vilima na mizigo siku hizi, wanapanda bodaboda. Zaidi ya hapo, koo halipimwi kwa kitambi. Taya lililorudi nyuma, tonsili zilizovimba na pua iliyoziba humletea apnea mtu mwembamba kabisa. Na nyanda hizi zina historia ya rovu. Udongo wa milimani uliosombwa na mvua ulikuwa haba wa madini ya joto, na katika miaka ya 1980 watu wa mikoa hii waligawiwa vidonge vya mafuta yenye iodini kabla ya chumvi yenye madini hayo kuenea. Wazee wengi bado wana rovu la zamani. Rovu kubwa linaweza kuibana njia ya hewa, na tezi iliyozembea huongeza uvimbe wa koo na kulegea kwa misuli. Mtu wa namna hiyo utepe utamdanganya, maana unene wa shingo yake si wa mafuta. Apimwe homoni za tezi kabla ya jambo lingine. Wanawake nao hupotea katika hesabu hizi. Dodoso linampa mwanamume alama ya bure, na mwanamke mara nyingi haendi hospitali kwa mkoromo bali kwa kukosa usingizi, huzuni au kichwa. Baada ya hedhi kukoma hatari yake huwa karibu na ya mwanamume. Mjamzito anayeanza kukoroma sana huku presha inapanda aseme kliniki, asisubiri ajifungue.

Kwa watoto kanuni ni tofauti kidogo, nami nitapita haraka. Mtoto anayekoroma usiku mwingi, analala mdomo wazi na shingo imerushwa nyuma, anajikojolea tena baada ya kuacha, na darasani hasinzii bali hatulii, kwa kawaida ana tonsili kubwa au zile ziitwazo nyama za puani. Daktari wa masikio, pua na koo huziondoa, na wengi hupona. Kukata kimeo kwa wembe wa mganga hakuliondoi tatizo hilo. Kimeo sicho kinachoziba, na watoto wamekufa kwa damu isiyokatika au kwa pepopunda kwa sababu ya jambo ambalo lisingewasaidia hata kama lingekwenda salama.

Sasa aende wapi mtu wa Kiwira, Ushirika au Masoko? Kipimo kamili hurekodi usiku mzima mawimbi ya ubongo, pumzi, kifua na oksijeni, nacho si kazi ya hospitali ya wilaya. Hilo halifanyi safari ya hospitali ya Makandana au ya ile ya misheni ya Igogwe kuwa ya bure. Hapo hupimwa presha, sukari, wingi wa damu na uzito, huangaliwa koo kwa tochi, pua, taya na shingo, husikilizwa moyo. Baadhi ya wanaojidhania kuwa na apnea hujulikana hapo kuwa na jambo jingine linalotibika papo hapo, au kuwa nalo pamoja na apnea. Aliyebaki na shaka kubwa hupewa barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, safari ya kilomita 70 hivi, kwa madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani na wa koo. Jambo moja la tahadhari: kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni kikisoma 96 mchana kisimtulize mtu. Mwenye apnea akiwa macho hupumua vizuri kabisa. Kifaa hicho kina maana kikivaliwa usiku kucha na kuweka kumbukumbu, ambapo mstari wake huonekana kama meno ya msumeno, ukishuka na kupanda kila dakika au mbili. Na mwinuko wa Tukuyu, mita 1,500 na zaidi, hauwezi kulaumiwa kwa hayo. Pumzi za kusitasita zinazoletwa na mwinuko huanza kuwa za kawaida juu ya mita 2,500.

Pingamizi la mwisho ndilo gumu. Tiba kuu ni mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe, ambayo wahudumu huiita sipapu. Aliivumbua Colin Sullivan wa Sydney na kuitangaza mwaka 1981. Ni ghali, inataka umeme usiokatika, na watu wengi huivua usiku wa manane. Basi kuna faida gani kujua jina la ugonjwa usio na tiba karibu? Tena, jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2016, lenye wagonjwa zaidi ya 2,700 wa moyo na kiharusi, halikuona mashine hiyo ikipunguza vifo wala mashambulizi mapya ya moyo. Sitaki kulificha hilo. Lakini jaribio lilelile lilionyesha kusinzia kumepungua na hali ya maisha kuwa bora, ingawa wagonjwa waliivaa kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku, na liliwaacha nje waliokuwa wakisinzia kupindukia, yaani watu kama dereva wetu. Anayeuliza faida asianze na umri wa kuishi. Aanze na usukani.

Na yako mengi yanayofanyika bila mashine, mradi ugonjwa umetambuliwa. Kwa wengi koo huziba zaidi wakilala chali. Mpira mdogo ulioshonewa mgongoni mwa fulana humrudisha mtu ubavuni bila kumwamsha mke. Kimpumu na bia vikiachwa saa nne kabla ya kulala, pumzi hukatika mara chache zaidi. Vidonge vya usingizi, ambavyo mtu huvinunua dukani akidhani anajitibu, hulegeza koo lilelile na visitumike. Kupungua asilimia 10 ya uzito, ambayo kwa dereva wetu ni kilo 9, kulipunguza kukatika kwa pumzi kwa takriban robo katika utafiti ule wa Wisconsin. Daktari anayejua habari hii ataielewa presha isiyoshuka badala ya kuongeza dawa ya tatu gizani. Na mtu akihitaji upasuaji, iwe ngiri au uzazi, mtoa dawa za usingizi akiambiwa mapema atajipanga; asipoambiwa, koo linaweza kuziba mgonjwa akiwa bado amelegea na hakuna wa kumstua.

Kwa hiyo mkoromo usiokatika, kwa mtu anayeamka mwepesi na presha yake ni nzuri, unaweza kungoja. Ni kero ya familia. Pumzi zinazokatika pamoja na kusinzia mchana hazipaswi kuvuka mwezi bila kuonwa na daktari. Aliyesinzia kwenye usukani au juu ya pikipiki, hata mara moja, aegeshe na amwachie mwingine funguo hadi atakapochunguzwa. Mwenye miguu kuvimba au midomo inayobadilika rangi aende leo. Na atakayekwenda Makandana asiende peke yake; aende na anayelala naye, na ile rekodi ya simu.